Hadubini ya 2500x: kwa nini yangu haitoki kwenye lenzi ya jicho ya 10x

Habari zenu, watazamaji. Hii hapa mezani ndiyo hadubini ambayo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza, ile ambayo boksi lake limeandikwa 40X-2500X kwa herufi kubwa. Nimeitumia wiki tatu mfululizo. Leo sitaanza na taa wala uzito wake. Nitaanza na hiyo 2500, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wainunue, na ndiyo itakayowasikitisha.

Tuiangalie kwanza ilivyo. Hapa chini, juu ya slaidi, kuna kichwa kinachozunguka chenye lenzi nne: 4x, 10x, 40x na 100x. Nitaziita lenzi za chini. Huku juu kwenye bomba unachomeka lenzi ya jicho, na humu ndani zimekuja mbili, ya 10x na ya 25x. Ukuzaji wa jumla unaupata kwa kuzidisha namba ya chini kwa namba ya juu. Kwa hiyo 100 mara 25 ni 2500, na kihesabu boksi limesema kweli. Ila namba hiyo inajibu swali moja tu: picha itakuwa kubwa kiasi gani. Kama vitu viwili vilivyokaribiana vitaonekana viwili au vitaungana kuwa doa moja, hilo haligusi kabisa. Huo ni uwezo mwingine, uwezo wa kutenganisha, na boksi zima halina neno juu yake.

Kuna jambo ninalolipenda sana kwenye hadubini hii, kwamba inaniruhusu kuwaonyesha tofauti hiyo kwa macho. Ukuzaji wa 100x naweza kuufikia kwa njia mbili. Naweza kuweka lenzi ya chini ya 4x na ya jicho ya 25x, au nikaweka 10x chini na 10x juu. Zote mbili zinatoa 100. Ukubwa wa picha ni uleule.

Kwenye slaidi nimeweka vigamba vya bawa la kipepeo, ile unga unga inayobaki kidoleni ukimshika. Kila kigamba kina matuta membamba yanayokwenda kwa urefu wake, na kwenye kigamba hiki nimepima nafasi kati ya tuta na tuta, ni kama maikroni 2. Maikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu.

Tazameni picha ya kwanza, 4 mara 25. Kigamba kinaonekana kama kigae kidogo cha rangi ya kahawia. Kingo zipo, kikonyo chake kipo, lakini uso wake ni laini kama umepigwa pasi. Sasa nabadilisha. 10 mara 10, narekebisha fokasi taratibu… haya. Kigamba hakijaongezeka ukubwa hata kidogo, lakini sasa uso wote una matuta, kama shamba lililotoka kulimwa. Ukuzaji ni uleule, na kitu kilichokuwa hakipo kimeonekana.

Kilichobadilika kimeandikwa ubavuni mwa lenzi. Nasogeza kamera karibu. Hii imeandikwa 4/0.10, na hii 10/0.25. Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili, ambayo wengi hatuiangalii, inaitwa NA, nayo inaeleza lenzi inaweza kupokea mwanga unaokuja kwa upana gani wa pembe. Mwanga ukipita kwenye kitu chenye matuta au mistari, sehemu yake huchepuka pembeni, na kadiri mistari inavyokaribiana ndivyo unavyochepuka zaidi. Huo mwanga uliochepuka ndio uliobeba habari za mistari. Lenzi yenye mdomo mwembamba inaukosa, unapita pembeni yake na kupotea. Na ukishapotea hapo chini, hakuna cha kuurudisha huko juu. Lenzi ya jicho haikioni kigamba chenyewe. Inachokiona ni picha iliyotengenezwa na lenzi ya chini, nayo inaikuza hiyohiyo pamoja na ukungu wake.

Mwaka 1873 mwanafizikia Ernst Abbe, aliyekuwa Jena, Ujerumani, aliuelezea mpaka huu, na leo tunauandika hivi:

```
d = λ / (2 × NA)
```

Hiyo d ni umbali mdogo kabisa ambao lenzi bado inaweza kuutenganisha, na λ ni urefu wa wimbi la mwanga. Tuchukue mwanga wa kijani, maikroni 0.55. Kwa lenzi ya 4/0.10, gawanya 0.55 kwa 0.2, unapata maikroni 2.75. Matuta yetu yako maikroni 2, yamebanana kupita uwezo wake, ndiyo maana tuliona uso laini. Kwa 10/0.25, gawanya kwa 0.5, unapata 1.1. Hapo maikroni 2 zinapita bila shida.

Sasa twende kwenye ukuzaji mkubwa, maana ndiko mnakotaka kunipeleka. 1000x nayo ina njia mbili: 40 mara 25, au 100 mara 10. Slaidi hii ya pili ina diatomu, mwani wenye chembe moja na ganda la silika. Anaitwa Pleurosigma angulatum, na watu wa hadubini wamemtumia miaka mingi kupimia lenzi, kwa sababu ganda lake lina mistari iliyo karibu sana, kama nusu maikroni kutoka mmoja hadi mwingine. Lenzi ya 40/0.65 inatenganisha hadi maikroni 0.42. Yaani inamuweza, lakini kwa tabu.

Naanza na 40 na jicho la 10x, jumla 400. Nikitulia, mistari ipo, myembamba kama uzi. Nachomoa 10x, nachomeka 25x. Tumefika 1000. Picha imetanuka, mistari imenenepa, kingo zake zimekuwa na ukungu, na kote kumeingia giza. Giza hilo lina sababu: mwanga uleule sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi ya mara 6, maana 2.5 mara 2.5 ni 6.25. Nimehangaika na fokasi dakika nzima nikitafuta kitu kimoja kipya, sikukipata.

Narudi kwenye jicho la 10x, naweka tone la mafuta ya hadubini na kushusha lenzi ya 100/1.25. Ni 1000 ileile. Angalieni. Ile mistari kumbe si mistari. Ni safu za vitundu, kimoja kimoja, vimepangwa kwa utaratibu wa kushangaza. Lenzi hii inafika maikroni 0.22, kwa hiyo kile ambacho ya 40 ilikiona kama uzi, hii inakiona kama shanga zilizotungwa. Mara ya kwanza kuiona picha hii niliita watu wote waliokuwa karibu waje watazame.

Mtaniuliza, basi hiyo lenzi ya 100 nikiiweka na jicho la 25x nifike 2500, si nitaona zaidi? Hapa jicho letu lenyewe linaingia kwenye hesabu. Kitu kikiwa sentimita 25 kutoka usoni, jicho zuri hutenganisha bila taabu nukta zilizoachana kama milimita 0.2. Lenzi yetu bora inaishia maikroni 0.22. Ikuze mara 1000, inakuwa milimita 0.22, na jicho tayari linaiona. Kilichokuwemo kwenye picha kimeshakufikia chote. Ukienda 2500, unatandaza ukungu. Mimi nauita ukuzaji mtupu. Kanuni inayotumika kwenye kazi hii ni kuchukua NA ya lenzi ya chini, kuizidisha kwa 500 kupata kiwango cha chini na kwa 1000 kupata kikomo cha juu. Kwa NA ya 1.25 kikomo ni 1250. Boksi limetuahidi mara mbili ya hapo.

Na kuna hatari moja ambayo ilinipata mimi mwenyewe. Ukuzaji ukipita kiasi, miale inayoingia machoni inakuwa myembamba mno. Kwenye 2500x hapa ina upana wa robo milimita hivi. Mwanga mwembamba namna hiyo unavionyesha vivuli vya uchafu ulio ndani ya jicho lako. Siku ya pili niliona nyuzi zenye mafundo zikielea kwenye tone la maji, nikaanza kuzichora kwenye daftari nikidhani ni viumbe. Namna ya kutambua ni rahisi: sogeza slaidi bila kusogeza jicho. Kiumbe ataondoka na slaidi. Kivuli cha jicho lako kitabaki, na ukizungusha macho kitakufuata.

Kama umeshainunua na lenzi yako ya 100 inatoa ukungu mtupu, kabla hujairudisha dukani angalia mambo mawili. La kwanza ni mafuta. Lenzi hii imeundwa kufanya kazi mafuta yakiwa yamejaza nafasi kati yake na kioo cha kufunikia sampuli. Pakiwa na hewa NA haiwezi kupita 1, na picha nayo inaharibika. Tumia mafuta ya hadubini, si ya kupikia, na ufute kwa karatasi ya lenzi ukimaliza.

La pili ni kondensa, ile lenzi iliyo chini ya slaidi inayokusanya mwanga wa taa. Ina kiwambo cha kufungua na kufunga, na wengi hukibana kwa sababu picha inaonekana kali zaidi. Ukali huo una gharama: ukikibana sana unapunguza uwezo wa kutenganisha, na ile mistari ya diatomu inatoweka mbele ya macho yako. Chomoa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba, utaona duara la mwanga. Fungua kiwambo mpaka mwanga ujaze karibu robo tatu ya duara hilo.

Hukumu yangu sasa. Lenzi za chini za hadubini hii ni nzuri, hasa hiyo 40/0.65, na ndizo ningezilipia. Lenzi ya jicho ya 25x sitaitupa, kwa sababu kwenye 4x na 10x bado iko ndani ya kikomo: 4 mara 25 ni 100, na kikomo cha NA ya 0.10 ni 100 hiyohiyo. Nimeitumia hapo kuhesabu mayai ya wadudu kwenye jani, ikanisaidia. Nikifika 40 naichomoa, narudisha 10x. Ukipata hadubini nyingine ya namna hii dukani, acha boksi, omba uzungushe lenzi zenyewe usome namba ya pili.