Rilei ya kontakti au SSR kwa taa ya nyumbani: ipi ninunue?

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji wanaowasha taa ya kibarazani kwa kidhibiti kidogo cha ESP32 yanafanana mno: taa imezimwa, lakini usiku inaonekana kuwaka hafifu, au inamweka mara moja kila baada ya sekunde chache. Wengine wameshabadilisha balbu na programu, na mmoja alikuwa tayari amemwita fundi afumue nyaya za dari. Wote walikuwa wamenunua SSR, yaani rilei ya kielektroniki isiyo na kontakti zinazogusana, kwa sababu muuzaji aliwaambia kuwa ndiyo ya kisasa. Habari za mlio na ukubwa sitazigusa, maana hizo kila mtu huzigundua dukani; ninalotaka kulieleza ni mkondo unaovuja.

Ndani ya SSR ya umeme wa nyumbani kuna traiaki, yaani swichi ya kielektroniki inayopitisha au kuzuia umeme, na sambamba nayo mara nyingi huwekwa kapasita na rezista za kuilinda dhidi ya kupanda kwa ghafla kwa volteji. Kapasita hiyo hupitisha mkondo mdogo muda wote, hata pale SSR inapokuwa imezimwa. G3MB-202P ya Omron, ile ndogo nyeusi iliyojaa kwenye moduli za bei nafuu, imeandikiwa na kiwanda chenyewe kuwa inaweza kuvujisha hadi miliampea 1.5 kwenye volti 200, kwa hiyo hiyo si kasoro ya kipande kibovu. Balbu ya zamani ya nyuzi haiwezi hata kuuonyesha mkondo huo. Balbu ya LED ya wati 9 huukusanya polepole kwenye kapasita yake mpaka saketi ya ndani ipate nguvu ya kuanza; inamweka, akiba inakwisha, kisha inaanza kukusanya upya.

Kumweka huko ni kero tu, lakini kuna hatari nyuma yake. Fungua balbu hiyo, pima kwenye holda kwa multimita huku SSR ikiwa imezimwa, na utasoma karibu volti zote za umeme wa nyumbani. Anayebadilisha balbu akiwa juu ya ngazi, akiamini kuwa taa imezimwa, anaweza kushtuka na kuanguka. Isitoshe, SSR ikiungua huwa kwa kawaida inabaki imeunganisha njia, na hapo holda hupata umeme kamili. Kwa hiyo zima meni swichi kabla ya kugusa, na usiichukulie SSR kamwe kuwa kikata umeme.

Zipo tiba. Rezista ya kilo-omu 33 sambamba na taa hushusha volti zinazobaki hadi kama 50, lakini taa ikiwaka kwenye volti 230 rezista hiyo hula wati 1.6 na kupata joto, hivyo itabidi ununue ya wati 5 na kuitafutia nafasi salama. Kwa nini mtu anunue kifaa, halafu anunue na dawa yake?

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni moduli yenye rilei ya kontakti ya Omron aina ya G5LE. Kontakti zikiachana, kati yake inabaki hewa, na taa inazimika kweli. Waya wa moto upite COM na NO, vituo viwili vya rilei vinavyoungana pale tu inapowashwa. Nyutro iende moja kwa moja kwenye taa. Ukikata nyutro badala ya waya wa moto, holda inabaki na umeme hata ukitumia rilei nzuri kiasi gani.

Rilei hii nayo ina kikomo. Taa za LED huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde zinapowashwa, na taa nyingi zikiwekwa pamoja zinaweza kuzichomelea kontakti. Dalili yake ni kwamba unaizima rilei, lakini taa inaendelea kuwaka. Kwa taa moja au mbili sina wasiwasi. Kwa safu nzima ya taa za ukumbi, tumia kontakta, yaani swichi ya sumaku kama rilei lakini kubwa na imara zaidi.

Nafasi ya pili ni moduli ya rilei ya bluu, SRD-05VDC-SL-C. Inafaa kwa taa moja, mradi bodi yake iwe na mwanya uliokatwa kati ya njia za umeme mkubwa na zile za volti 5.

SSR inashika mkia kwa taa. Ninaikubali pale tu kitu kinapowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa dakika, kama hita inayodhibitiwa na kipimajoto, kwa sababu kontakti zingechakaa upesi. Wauzaji wanaijua tofauti hiyo vizuri, nami nimeshachoka kuona moduli ileile ikiuzwa ghali zaidi kwa kisingizio kwamba ni ya kidijitali, huku ukiomba karatasi ya vipimo unaangaliwa kama mgomvi. Iombe hata hivyo, na utafute mstari wa mkondo unaovuja kabla ya kutoa pesa.