Ililia Jumatatu kwa bei ya Alhamisi: uzoefu wangu na programu ya arifa za bei za hisa

Programu hii sitaitaja jina, kwa kuwa sina nia ya kumfilisi mtu, ila nilipoanza kuitumia niliisifia kwa kila aliyekubali kunisikiliza hapa Mikindani. Mimi ni mwalimu mstaafu, sehemu ya kiinua mgongo changu nimeiweka kwenye hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, na sina muda wala macho ya kutazama bei kutwa. Kazi niliyotaka ifanywe na simu ilikuwa moja tu: bei ya hisa fulani ikishuka kufikia pale ninapoona inafaa kununua, niambiwe.

Pale ninapoona inafaa sikupakisia. Kampuni ninayoisubiri ilitoa gawio la shilingi 65 kwa kila hisa, nami sinunui hisa isiyonipa angalau asilimia 10 kwa mwaka katika bei niliyoilipa. Kwa hiyo kizingiti changu ni shilingi 650. Niliiandika namba hiyo, nikachagua "chini ya au sawa na", nikaisahau. Wiki kadhaa zikapita kimya, jambo ambalo kwa mnunuzi mvumilivu si kasoro.

Msimu wa korosho ulipoiva nilikwenda Tandahimba kwa dada yangu, Alhamisi asubuhi, na huko shambani mtandao hupatikana kwa kupanda kichuguu. Betri iliisha siku hiyo hiyo, nami sikujali. Nilirudi Jumatatu, nikaichomeka simu kwenye chaji juu ya meza ya kulia chakula, na saa tano kasoro robo, soko likiwa wazi, ikalia: "Bei imeshuka hadi 640." Pembeni ya ujumbe iliandikwa saa ile ile ya kulia. Nikafungua programu, nikakuta 640, na chini yake maneno "Imesasishwa sasa hivi". Nikampigia dalali wangu wa hisa kwa haraka ya mtu aliyeona embe limeanguka lisilo na mwenyewe, nikamwambia aninunulie hisa 400 kwa bei iliyopo sokoni. Jioni akanijulisha kwamba zimepatikana kwa shilingi 715 kila moja.

Nilidhani amenidanganya, na namwomba radhi kwa sauti niliyomtolea. Alinisomea taarifa ya soko ya kila siku, na humo mambo yalikuwa wazi. Alhamisi kulikuwa na mauzo madogo sana kwa 640, pengine ya mtu mmoja mwenye shida ya fedha. Ijumaa hisa ile ile iliuzwa 700, na Jumatatu 715. Kwa hiyo nililipa shilingi 286,000 mahali ambapo nilidhani nalipa 256,000, na gawio la 65 juu ya 715 halifiki hata asilimia 9.1. Kizingiti changu chote kilikuwa kimevunjwa na mimi mwenyewe, kwa kuitii simu.

Hapo ndipo nilipopiga huduma kwa wateja, na hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa rasmi. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize. "Mama, bei zetu ni za moja kwa moja. Hiyo simu yako ndiyo imechoka, tafuta nyingine." Nikamuuliza ni kwa nini bei ya Alhamisi imepewa saa ya Jumatatu. Akasema, "Mama, soko hupanda na kushuka," kisha akakata. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na sikuwahi kumjibu mwanafunzi namna hiyo hata pale alipostahili.

Mpwa wangu, ambaye hutengeneza programu za simu, ndiye aliyenieleza kwa utaratibu. Arifa za simu za Android kwa kawaida hupitia kwenye mitambo ya Google, na simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, ujumbe huwekwa kiporo. Mtumaji asipoweka muda wa kuisha, ujumbe unaweza kungojea hadi wiki nne, kisha ukifika simu huuonyesha kama wa sasa. Mtengenezaji angeweza kuamuru kwamba arifa ya bei isiyofika ndani ya saa moja itupwe, na angeweza pia kuandika ndani ya ujumbe wenyewe siku na saa ambayo hisa iliuzwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Maneno "Imesasishwa sasa hivi" nayo yalimaanisha kwamba ukurasa umechorwa upya sasa hivi. Mtandao ulipokuwa haujatulia, programu ilichukua bei iliyohifadhiwa kwenye simu na kuipamba kwa saa mpya.

Sikuridhika kwa kuambiwa, nikajaribu mwenyewe. Siku moja alfajiri, hisa ikiwa kwenye mia saba na kitu, niliweka kizingiti cha 800 nikazima simu papo hapo. Niliiwasha saa moja jioni, soko likiwa limefungwa zamani, na haikupita dakika ikalia kwamba bei iko chini ya 800, ikiwa na saa ya jioni. Mwenye programu hii anaweza kufanya jaribio hilo bila kutumia hata senti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huku kwetu hata mtoto anayebeba gunia anajua kuwa bei ya korosho ni ya mnada wake. Hakuna mkulima anayekwenda ghalani na bei ya mnada wa wiki iliyopita akaidai kama deni. Bei ya hisa inayoonekana kwenye simu ni ya namna hiyo hiyo: ni bei ya biashara iliyokwisha kufanyika, na kwa kampuni ambazo hisa zake hukaa siku kadhaa bila kuuzwa, namba hubaki pale pale ikionekana hai. Ninayopaswa kuitazama kabla ya kununua ni bei ambayo muuzaji anaitaka sasa, pamoja na idadi ya hisa zilizouzwa leo. Idadi ikiwa sifuri, bei hiyo si ya leo.

Nikiwa mkweli, kosa la mwisho lilikuwa langu. Ningemwambia dalali "usizidi 650", oda ingekaa bila kutimizwa na fedha zangu zingebaki. Sasa kila oda yangu ina bei ya ukomo. Nimeiruhusu pia programu kufanya kazi bila kubanwa na mpangilio wa kuokoa betri, ambao huweza kuchelewesha arifa hata simu ikiwa imewashwa, na tangu hapo zinafika kwa wakati mtandao ukiwapo. Kizingiti chenyewe nitakikokotoa upya gawio jipya likitangazwa, maana 650 imesimama juu ya gawio la mwaka uliopita na haitajirekebisha yenyewe.

Juzi imelia tena: 648. Nikafungua ukurasa wa hisa, nikashuka chini kabisa kwenye maandishi madogo, nikakuta hisa zilizouzwa leo ni 1,200, na dalali akathibitisha kwamba yupo muuzaji anayetaka 650. Nikanunua 300 kwa 650. Kwa hiyo programu imefanya kazi niliyoitaka, na nyota moja niliyokuwa nimeitoa nimeipandisha hadi tatu. Nikimkumbuka yule kijana, nazirudisha mbili.