Uzoefu wangu na chakula cha protini iliyovunjwa kwa paka mwenye choo laini cha muda mrefu, Kigoma

Paka wangu anakula chakula kikavu cha protini iliyovunjwa kwa zaidi ya mwaka sasa, na nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya bei na usafiri wa kutoka Dar es Salaam. Lakini anayekinunua ajue mapema kwamba kazi ya chakula hiki inaonekana tu kama hatua za kabla yake zimefanyika. Kwetu Kigoma kuna moja inayoharibika karibu kila nyumba, na kinachoiharibu ni samaki.

Chausiku ni jike wa miaka saba. Choo chake kilianza kulainika taratibu, kikakosa umbo kabisa, na kila akienda kilikuwa kingi. Hamu ya kula haikupungua. Hata hivyo kutoka kilo 4.5 alishuka hadi kilo 3.5, uti wa mgongo ukawa unahesabika kwa vidole. Daktari wa mifugo tuliyempata hapa mjini aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: choo ni kingi mara chache, au ni kidogo kidogo mara nyingi, chenye makamasi na kujikamua? Nikamwambia ni kingi. Akasema choo kingi pamoja na kukonda kinaelekeza kwenye utumbo mwembamba, ambako chakula hunyonywa. Makamasi, damu mbichi na kujikamua huelekeza zaidi kwenye utumbo mpana. Na kuharisha kulikovuka wiki tatu hakuhesabiwi tena kama tumbo lililochafuka, ni ugonjwa sugu unaohitaji kutafutiwa chanzo.

Mchochota sugu wa utumbo, ambao madaktari huuita IBD, haupimwi kwa kipimo kimoja. Unafikiwa kwa kuondoa mengine yote kwanza. Kwa hiyo tulianza na choo chenyewe: sampuli tatu za siku tofauti, zikiwa mbichi, kwa sababu mayai ya minyoo na vijidudu vya jiadia havitoki kila siku. Sampuli moja safi haitoshi kuthibitisha kwamba paka hana kitu. Zetu zilikuwa safi zote, na bado daktari alimpa fenbendazoli, miligramu 50 kwa kila kilo, siku tano mfululizo. Ile ya maji ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa kila mililita, kwa hiyo paka wa kilo 3.5 alipata mililita 1.75 kwa siku. Nalisisitiza jina la dawa kwa sababu maduka mengi ya mifugo yatakupa albendazoli ukiomba dawa ya minyoo. Majina yanafanana mwishoni, lakini albendazoli inaweza kuharibu uboho wa paka, mahali damu inapotengenezwa. Usikubali kubadilishiwa dukani.

Damu ilipimwa figo, ini na sukari. Kwa paka mzee zaidi ya Chausiku, tezi ya shingo nayo ipimwe, maana ikizidi kufanya kazi humkondesha paka na kumharisha huku akila sana.

Sasa chakula. Wazo lake ni hili: utumbo wa paka mwenye mchochota mara nyingi unapambana na protini aliyoizoea. Unampa protini ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo, au protini iliyokatwa vipande vidogo kiasi kwamba kinga ya mwili haiitambui. Hicho cha pili ndicho kilichomo kwenye mfuko ninaouelezea hapa. Paka ambaye tatizo lake linatokana na chakula, kwa kawaida choo chake huanza kubadilika ndani ya wiki mbili. Hivyo hili ni jaribio linalotoa jibu haraka, lakini kwa sharti kwamba hakuna kingine chochote kinachoingia mdomoni.

Sharti hilo ndilo gumu Kigoma. Paka wa hapa amelelewa kwa dagaa. Anapewa vichwa vya migebuka, anapewa ukoko wa ugali uliolowa mchuzi wa samaki wenye mawese, na akitoka nje jirani ameanika dagaa kwenye wavu. Ukimpa chakula cha mfukoni asubuhi na kichwa cha mgebuka jioni, hujajaribu kitu. Tulimfungia ndani. Sufuria ya samaki ilifunikwa, vyombo vikaoshwa palepale. Mtoto wa jirani alinijia siku moja, "Shangazi, nimempa dagaa wawili tu," na ilibidi tuanze kuhesabu wiki mbili upya. Sikumlaumu mtoto, ila nilienda kuongea na mama yake, na tangu hapo yeye ndiye amekuwa mlinzi wangu mkubwa mtaani.

Mfuko wa kwanza ulichelewa njiani, na daktari akashauri tusikae bure, tuanze na sungura. Kwa nini sungura? Kwa sababu kuku, ng'ombe na samaki Chausiku alishavila, ila sungura hapana. Tulipata mfugaji wa jirani. Nyama ilichemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu za paka. Mifupa yote ilitolewa, kwa sababu mfupa uliopikwa hupasuka na kuchoma utumbo. Alipata takribani gramu 120 za nyama iliyoiva kwa siku, kwa milo minne midogo, pamoja na supu yake, kwani taurini, kirutubisho cha lazima kwa paka, huyeyuka ikahamia kwenye maji ya kupikia. Tulibadilisha kidogo kidogo kwa siku nne au tano. Paka akikataa chakula kipya usimshindishe njaa ukidhani atakubali. Paka asiyekula kabisa siku mbili tatu anaweza kujaa mafuta kwenye ini, na hilo huua haraka kuliko kuharisha.

Nyama tupu ni ya jaribio, si ya maisha. Haina kalisi ya kutosha, na taurini ikipungua kwa muda mrefu paka hupofuka au moyo hutanuka. Hapo ndipo mfuko unapostahili bei yake. Umekamilishwa madini na vitamini, na paka anaweza kuula miaka bila mimi kupiga hesabu ya kitu. Ulipofika tulihama polepole kutoka kwenye sungura.

Ndani ya wiki mbili choo kilipata umbo. Laini bado, lakini unaweza kukizoa. Daktari akasema kitu ambacho wengi tungekikwepa: mrudishie dagaa kidogo, tuone. Nilisita, nikakubali. Siku ya tatu choo kikawa maji tena, nasi tukarudi kwenye mfuko. Bila kurudisha chakula cha zamani huwezi kujua kama kilichosaidia ni chakula, dawa ya minyoo, au ugonjwa uliopoa wenyewe. Ni kwa sababu hiyohiyo alikataa kuanza vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza mchochota, siku moja na chakula. Vikianza pamoja na paka akapona, hutajua ashike kipi na aache kipi.

Ila uzito haukurudi. Choo kizuri, mwili uleule. Hapa daktari alifikiria vitamini B12, ambayo hunyonywa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na utumbo ukiwa na mchochota hunyonya kidogo. Ikiwa chini, paka hapati nafuu kamili hata chakula kikiwa sahihi. Kipimo chake hakikupatikana kwa urahisi, lakini sindano yake ni ya bei nafuu na ziada hutoka kwenye mkojo, kwa hiyo alianza kumpa bila kusubiri: mikrogramu 250 chini ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Chupa ndogo ya duka la dawa yenye mikrogramu 1000 kwa mililita inatoa robo mililita kwa kila sindano. Ile multivitamini ya ng'ombe si mbadala. Ina B12 kidogo mno, na huchoma anapodungwa.

B12 ilimrudishia uchangamfu na gramu chache. Kilichomaliza kazi kilikuwa ile steroidi, prednisoloni, kidonge kimoja cha miligramu 5 kwa siku, kisha kupunguzwa polepole kwa wiki nyingi hadi nusu kidonge siku moja ndiyo, siku moja hapana. Iwe prednisoloni yenyewe, si prednisoni, ambayo ini la paka huibadilisha vibaya. Na isikatwe ghafla. Kwa kuwa steroidi zinaweza kuleta kisukari, naangalia kama anakunywa maji na kukojoa kuliko kawaida. Leo ana kilo 4.2.

Jambo moja sijalimaliza, na sitaki anayesoma adhani limemalizika. Kinachotenganisha IBD na saratani ya polepole ya utumbo, limfoma ya chembe ndogo, ni biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha utumbo kikapimwe. Altrasaundi huonyesha ukuta wa utumbo ulionenepa, lakini magonjwa yote mawili hunenepesha. Biopsi kwetu ingekuwa safari ya hospitali kubwa ya wanyama kama ile ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa treni au basi, na paka aliyekonda. Daktari aliniambia wazi kabla ya kidonge cha kwanza: "Mama, ukitaka biopsi, iwe sasa, maana prednisoloni itaficha picha." Niliamua kutokwenda. Kwa hiyo kwenye kadi yake imeandikwa IBD ya kudhaniwa, na limfoma nayo ingeweza kupata nafuu kwa vidonge hivihivi kwa muda.

Kuhusu mfuko wenyewe. Mmoja uligharimu karibu na bei ya mbuzi mdogo, nauli ya mzigo nje. Harufu yake ni hafifu, na Chausiku aliyezoea dagaa aliususia siku za mwanzo. Maji ya uvuguvugu kidogo juu yake yalisaidia. Chukua mfuko mdogo, kwa sababu joto na unyevu wa ziwa huchachusha mafuta yake ukikaa wazi, na uuweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Agiza wa pili wa kwanza ukibaki nusu, kwani wiki moja ya kukosa hurudisha dagaa mezani. Soma pia orodha ya viungo: chakula cha "samaki kwa tumbo nyeti" kinauzwa kwa sura ileile, na kwa paka wa Kigoma hicho ni dagaa kwa jina jingine.

Kama paka wako yuko mwanzo kabisa na mfukoni hali ni ngumu, anza na sampuli tatu za choo, fenbendazoli na sungura wiki mbili. Nafuu ikionekana, ndipo ununue mfuko. Choo kisipobadilika hata kidogo huku hakuna anayemlisha pembeni, usirudie mfuko mwingine wa kampuni nyingine, rudi kwa daktari mzungumzie hatua inayofuata. Mimi nampima Chausiku kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni, ndani ya beseni, na akipungua gramu 200 chini ya uzito wa sasa tunarudi kliniki hata kama choo ni kizuri.