Wakala wa masomo Uingereza aliyenitajia ada yote: uzoefu wangu

Kabla ya ofisi hii ya hapa Kampala, wakala mwingine alituambia viza ni "asilimia mia". Tulipomuuliza pesa inarudi vipi mdogo wangu akinyimwa, akabadilisha mada. Hawa wa sasa wana maelezo yaliyoandikwa, wanamsomea kila mteja, kisha wanampa nakala aondoke nayo.

Sentensi ya kwanza ndiyo iliyonituliza: "Dada, sisi tunaandaa maombi. Chuo ndicho kinachotoa nafasi, na viza inaamuliwa na serikali ya Uingereza. Hakuna mtu katika ofisi hii anayeweza kukuahidi chochote kati ya hivyo viwili." Wakaongeza kwamba chuo kinawalipa kamisheni mwanafunzi akijisajili, kwa hiyo wanapeleka watu kwenye vyuo walivyo na mkataba navyo tu. Ni mara yangu ya kwanza kusikia wakala akilisema hilo bila kubanwa.

Ada yao ni shilingi 1,200,000. Kati ya hizo, 400,000 unalipa faili likifunguliwa na hazirudi. Zilizobaki unalipa chuo kikishatoa CAS, ile hati ya udahili ambayo bila hiyo huombi viza.

Pesa ya serikali wameiweka kando, kwa viwango vya mwisho wa 2025. Viza ni pauni 524, na ukinyimwa hairudi. Ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, na hiyo inarudishwa ukinyimwa. Mawakala wengi huishia kwenye 776, lakini viza ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huongezewa miezi kadhaa baada ya masomo, na miezi hiyo inatozwa nusu mwaka. Kwa mdogo wangu ilikuwa 776 na 388, jumla 1,164. Tungeshtukia tofauti hiyo siku ya kulipa.

Kilichotuokoa hasa ni sehemu ya benki. Nje ya London anatakiwa kuonyesha pauni 1,171 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani 10,539, juu ya karo ambayo hajalipa. Pesa ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi hicho hata siku moja. Mimi ndiye mlipaji, nikataka kutoa taarifa ya benki yangu. Wakanieleza kwamba akaunti ya dada haikubaliki: iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya wazazi, na ya wazazi iambatane na cheti chake cha kuzaliwa na barua yao ya ridhaa. Nikahamishia kwake, tukaanza kuhesabu siku upya.

Nawapa nyota nne. Maelezo yao hayataji gharama ya kipimo cha kifua kikuu, ambacho mwombaji kutoka Uganda ni lazima akifanye, na viwango vyote vya Uingereza viko kwa pauni tu. Wangeweka safu ya shilingi, na tarehe ya kiwango cha kubadilishia, ningewapa tano.