Uzoefu wangu na Bloons TD 6: raundi ya 40 si raundi ya 63

Kati ya michezo yote ya kulinda njia kwa minara niliyowahi kuweka kwenye simu, ninaourudia kila mara ni Bloons TD 6 wa Ninja Kiwi, kampuni ya New Zealand iliyoutoa mwaka 2018. Maputo yanaingia upande mmoja wa ramani na kufuata njia hadi mwisho, nawe unawapanga tumbili kando ya njia wayapasue kabla hayajafika. Maelezo ni mepesi, ila hesabu iliyo nyuma yake imepimwa vizuri sana, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Tuanze na pesa. Unaanza na 650 katika viwango vyote vya kawaida vya ugumu. Kinachobadilika ni bei za vitu. Dart Monkey, tumbili wa kwanza anayerusha vishale, ni 200 kwenye Medium, 215 kwenye Hard na 240 kwenye Impoppable. Tofauti inaonekana ndogo mpaka upige hesabu: kwenye Medium unapata watatu na kubaki na 50, kwenye Hard unapata watatu na kubaki na 5, kwenye Impoppable unapata wawili tu. Yaani ongezeko la arobaini tu limekunyang'anya theluthi ya ulinzi wako kabla puto hata moja halijaingia.

Baada ya hapo kuna mapato ya aina mbili. Kila tabaka la puto unalopasua linalipa 1, na kila raundi ikiisha unapewa 100 pamoja na namba ya raundi hiyo. Raundi ya kwanza ina maputo mekundu 20, kwa hiyo unapata 20 ya kupasua na 101 ya kumaliza. Mwanzoni, basi, kinachokulisha ni kumaliza raundi, wala si wingi wa maputo. Kadiri raundi zinavyopanda mambo yanageuka: maputo yanabeba maputo mengine ndani yake, na kupasua ndiko kunakolipa.

Kisha mchezo unaanza kukaza mkono. Hadi raundi ya 50 kila tabaka linalipa 1. Kuanzia 51 linalipa nusu. Kuanzia 61 ni 0.2, na kuanzia 86 ni 0.1. Maputo yanazidi huku kila moja likilipa kidogo zaidi. Hapa ndipo ninapowasifu waliotengeneza mchezo huu, kwa sababu wangeacha malipo yale yale, mchezaji mwenye ulinzi mzuri angejaa pesa kila wimbi linapokuwa zito, na ugumu wote ungepotea. Walivyofanya, pesa utakayopigania raundi za mwisho lazima uwe umeipanga mapema.

Kwa wimbi lenyewe, raundi hazibahatishwi. Kwenye viwango vya kawaida raundi fulani ina maputo yale yale kila siku, na baadhi yake ni mitihani ya makusudi. Raundi ya 24 inaleta puto la kwanza la kificho, la kijani. Kama huna tumbili anayeweza kuliona, litapita mbele ya jeshi zima. Raundi ya 28 inaleta maputo ya madini ya risasi, ambayo vishale vya kawaida haviyatoboi. Hizo ni rahisi ukishazijua. Zinazofundisha kweli ni ya 40 na ya 63.

Raundi ya 40 inaleta MOAB, puto kubwa lenye umbo la meli ya angani. Linahitaji kupigwa mara 200, kisha linatoa maputo manne ya kauri, kila moja likihitaji mapigo 10 kabla ya kuachia yaliyomo. Ni moja tu. Hapa unahitaji nguvu nyingi kwenye shabaha moja. Raundi ya 63 ni kinyume chake kabisa: maputo 75 ya risasi na 122 ya kauri, yakija yamebanana kwa makundi. Hapa unahitaji silaha inayopenya maputo mengi kwa mpigo mmoja, na inayotoboa risasi.

Chukua Dart Monkey na umpandishe kwenye safu ya juu ya maboresho hadi daraja la nne, Juggernaut. Anarusha tufe kubwa la miiba linalopita katikati ya kundi, linavunja risasi na linaumiza kauri kuliko kawaida. Kwa raundi ya 63 ni msaada mkubwa. Lakini mweke peke yake mbele ya MOAB uone: tufe linapenya maputo mengi, ila puto liko moja tu, kwa hiyo karibu uwezo wote wa kupenya unapotea bure. Bei ya daraja la tano, Ultra-Juggernaut, ni 15,000 kwenye Medium, na bado halikutatulii tatizo la maputo makubwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema pandisha tumbili mmoja mpaka mwisho. Mchezo wenyewe unakuzuia: kati ya safu tatu, ni moja tu inayoweza kupita daraja la pili, na ya tatu inafungwa kabisa. Huwezi kuwa na tumbili mmoja anayejua kila kitu.

Mahali pa kuweka nako kuna bei yake, japo haiandikwi popote. Mtambo wa Tack Shooter unarusha misumari 8 kwa pande zote. Ukiuweka kando ya njia iliyonyooka, misumari mingi inaenda majanini. Ukiuweka ndani ya kona inayojikunja, njia inauzunguka, na misumari ile ile uliyoilipia inapata kazi karibu yote. Kwa pesa ile ile umepata mtambo unaofanya kazi maradufu. Tumbili wa vishale naye apewe mahali anapoona njia mara mbili, inapokwenda na inaporudi.

Namna ya kujua kama umelipa sawasawa ni kuangalia maputo yanapasukia wapi. Yakiishia mlangoni kila raundi, umeweka pesa nyingi kwenye ulinzi na ungeweza kununua shamba la ndizi, linalokuingizia pesa kila raundi. Sehemu ya kupasukia ikisogea kidogo kidogo kuelekea mwisho wa njia, maputo yanakuzidi, hata kama hujapoteza uhai bado.

Shamba la ndizi, Banana Farm, ni 1,250 kwenye Medium na linatoa 80 kwa raundi, kwa hiyo linajilipa baada ya raundi 16 hivi. Ongezeko lake la kwanza ni 500 na linaleta 40 zaidi, ambazo zinarudi baada ya raundi 13. Kwa hiyo kuboresha shamba ulilonalo kunalipa haraka kuliko kununua la pili. Kwenye Medium inayoishia raundi ya 60, shamba lililonunuliwa raundi ya 10 ni faida safi. La raundi ya 50 ni hasara.

Hapa nina lawama moja. Mashamba yakianza mapema, viwango vya kawaida vinalegea mno, na ukijumlisha na ruhusa ya kuuza mtambo kwa asilimia 70 ya ulicholipa, uamuzi mbaya hauumi. Mizani halisi niliiona kwenye CHIMPS, aina ya mchezo yenye masharti makali zaidi. Unaanzia raundi ya 6 kwa bei za Hard, una uhai mmoja, huruhusiwi mashamba wala kuuza, na lazima ufike raundi ya 100. Mtambo ukiuweka vibaya unakaa hapo hapo hadi mwisho. Anayeanza amalize kwanza ramani ya Monkey Meadow kwenye Hard bila shamba hata moja, halafu ajaribu CHIMPS kwenye ramani hiyo hiyo.