Tuisheni ya kemia ya Jumamosi hapa Shella, Malindi: uzoefu wangu na lile swali la fuwele

Naipa nyota nne kwa tano, na hiyo moja iliyopungua nitawaambia imepotelea wapi. Mimi narudia mtihani wa kidato cha nne nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, nataka kuingia chuo cha uuguzi na gredi ya kemia ndiyo inanishika shati. Maalim anayefundisha alistaafu shuleni, darasa ni baraza ya nyumba yake, tunaketi kwenye mikeka na meza moja tu ya vyombo. Sitaandika mambo yote aliyotufundisha, nitasema lile somo moja lililonifanya nione pesa yangu haikwenda bure, yaani hesabu ya fuwele zinazotoka solusheni iliyoshiba ikipozwa.

Kwingine nilikosoma swali hili lilikuwa fomula ubaoni, kariri halafu enda nyumbani. Huyu alianza na sufuria. Alitia potasiamu naitreti (KNO3) nyingi ndani ya maji, akapasha bika ndani ya maji ya moto hadi themometa ikasoma 60°C, akakoroga na kukoroga mpaka tukaona chini kumebaki unga ambao hautaki tena kuyeyuka. Hapo ndo akasema imeshiba, kama hakuna kilichobaki chini huna uhakika. Kisha akamimina ile solusheni safi kwenye bika jingine lililopashwa moto, maana kwenye bika baridi fuwele zingeanza kutoka hapo hapo, akapima: gramu 84.

Sasa swali lake, tukiacha hii ipoe hadi joto la hapa barazani, 30°C, tutapata fuwele gramu ngapi? Akatupa namba mbili kutoka kwa grafu. Kwa 60°C gramu 100 za maji zinabeba kama gramu 110 za hiyo chumvi, na kwa 30°C zinabeba kama 46.

Kijana mmoja wa kidato cha nne akawa wa kwanza, mia na kumi toa arobaini na sita ni sitini na nne, zidisha themanini na nne gawa kwa mia. "Maalim, gramu hamsini na tatu nukta saba sita!" Maalim hakumwambia amekosea. Akamuuliza, "Hebu nambie mwanangu, mle ndani ya bika chumvi yote iliyomo ni gramu ngapi?" Kimya. Basi tukaitafuta sote pamoja. Gramu 100 za maji na gramu 110 za chumvi jumla ni gramu 210 za solusheni. Sisi tunayo 84, ambayo ni sehemu 0.4 ya 210, kwa hivyo maji ni gramu 40 na chumvi ni gramu 44. Yaani kijana alitaka kutoa fuwele 53.76 kwenye bika lenye chumvi 44! Baraza nzima ilicheka na yeye mwenyewe akacheka.

Kosa lake ni kuichukua 84 kana kwamba yote ni maji. Ile namba ya kwenye grafu inahesabiwa kwa maji, sio kwa solusheni, na swali la mtihani likikupa uzito wa solusheni lazima kwanza uyatenge maji. Ukishayapata, mengine mepesi: gramu 40 za maji kwa 30°C zinabaki na 0.4 mara 46, ambayo ni 18.4, na fuwele ni 44 toa 18.4, gramu 25.6. Maji hayaendi popote wakati wa kupoza, ni yale yale 40 mwanzo na mwisho, kinachobadilika ni uwezo wao wa kubeba. Mimi sasa nikimaliza hesabu yoyote ya hivi naangalia kwanza jibu lisizidi chumvi niliyokuwa nayo.

Kilichonifurahisha zaidi ni pale tulipopima kweli. Tukachuja, mizani ikasema gramu 29, wengine wakaanza kusema grafu ni ya uongo. Maalim akazitandaza kwenye karatasi ya kuchujia, akazibonyeza na karatasi nyingine, akaziacha zikauke hadi uzito uache kushuka, zikawa 25. Ile ya juu yote ilikuwa unyevu ulioganda kwenye fuwele. Mtu mmoja alitaka kuzisuuza na maji ya mfereji akakatazwa mbio mbio, maana kila gramu 10 za maji hayo ya uvuguvugu zinaweza kuondoka na gramu nne na zaidi za mali yako.

Kundi la pili wao walipata 28 zikiwa kavu kabisa, na hapo ndo nilijua huyu mzee anaijua kazi. Aliuliza nani aliacha bika wazi kwenye moto. Walikuwa wamelirudisha jikoni bila kufunika na maji kama gramu 5 yakaenda zake kwa mvuke, na maji hayo yakiondoka, zile gramu 2.3 za chumvi ambazo yangezibeba kwa 30°C zinakosa pa kukaa, zinatoka kama fuwele. Jumlisha na 25.6 unapata karibu 28. Kwa hivyo fuwele kavu zikizidi hesabu usishangilie, pima bika kabla na baada ya kupoza uone kama uzito umepungua.

Jambo jingine la watu wa huku kwetu ni kwamba vitabu vingi vinapoza hadi 20°C. Kwa joto hilo gramu 40 za maji zinabaki na kama 12.8 tu na ungepata 31.2. Hapa baraza yetu haijui 20°C ni nini, kwa hivyo ukiandika jibu la kitabu huku umepoza Malindi utajiona umepungukiwa gramu tano na ushei na hujaiba mtu. Tuliweka bika kwenye barafu ya wavuvi, ikashuka hadi 10°C, na fuwele nyingine zikatoka tukiangalia.

Nikamuuliza mbona tusifanye na chumvi ya kula. Akanipa namba, 37 kwa 60°C na 36 kwa 30°C, nikahesabu na maji yale yale gramu 40: gramu 0.4, hata ukucha haujai. Ndo maana kule Gongoni chumvi inatolewa kwa kuanika maji ya bahari juani, sio kuyapoza. Na kwa mrututu na shabu akatuonya hesabu hii haiendi hivi moja kwa moja, kwa sababu fuwele zake zinaondoka na maji ndani yake, kwa hivyo yale maji hayabaki yale yale. Hilo alisema tutalifanya siku nyingine na mpaka naandika bado.

Sasa ile nyota. Mizani inasoma gramu nzima tu bila nukta, kwa kazi hii ni shida kwelikweli. Grafu alizotupa ni fotokopi ya fotokopi, kwa 60°C unaweza kusoma 105 au 115 na ukabishana na jirani yako hadi adhuhuri. Na watu ni wengi kwa meza moja, ukichelewa unaona migongo. Ada ni shilingi mia tatu kwa kipindi, kemikali ziko ndani ya hiyo bei, nendeni mapema na mubebe penseli na rula yenu.