Programu ya kupanga njia za mizigo: nyota moja. Haya, mbili.

Nina bodaboda mbili tu na mizigo yangu huanzia Kariakoo. Siku ile, nadhani Jumamosi, dereva alikuwa na mizigo saba: Magomeni, Sinza, Mwenge, Mikocheni, Kawe, Mbezi na Tegeta. Vituo saba hupangika kwa namna 5,040, ndiyo maana nailipia hii programu kila mwezi badala ya kukesha na kalamu.

Ikanipa njia ya kupendeza macho. Magomeni kwanza, Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi, unakatiza Goba, Tegeta, unarudi Kawe, Mikocheni, Mwenge, Sinza mwisho. Huwa naangalia kama mistari inakatana kwenye ramani, maana ikikatana ujue kuna kituo kimewekwa pasipo pake. Hapa haukukatana hata mmoja. Nikamwambia dereva, nenda.

Kafika Mbezi Mwisho, kampigia mteja. "Kaka, mimi niko Africana."

Mbezi Beach! Mteja kaandika "Mbezi" tu, programu ikajichagulia ile ya Morogoro, wala haikuuliza ni Mbezi ipi. Mji mzima unajua ziko mbili, na Goba nzima iko katikati! Pini ingekaa Africana, dereva angetoka Magomeni akaingia Sinza, Mwenge, Africana, Tegeta, kisha Kawe na Mikocheni wakati wa kurudi. Badala yake keki ya Sinza, iliyotakiwa kabla ya saa sita, ilifika saa tisa krimu ikiwa imeshuka kama mshumaa. Nimemrudishia mama wa watu hela yake yote.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana, hata pole hakunipa: "Programu imepanga sahihi, anwani yako ndiyo mbovu." Nilikata simu nisije nikatukana.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakukosea. Kwa pini zile, njia ilikuwa nzuri kweli. Na lile duara ukilizungusha kinyume umbali ni uleule, Sinza inakuwa ya kwanza, lakini programu haina habari ya keki mpaka uijazie saa ya mwisho kwenye kituo hicho. Sikujaza. Sikujua hata kama hiyo sehemu ipo, imefichwa ndani ya menyu utadhani ni hati ya nyumba.

Sasa mteja asiponirushia lokesheni kwa Wasapu mzigo wake hauingii kwenye foleni, na kabla dereva hajawasha pikipiki nabonyeza pini mojamoja kuona imekaa barabara gani. Tangu hapo dereva anarudi mapema, na naokoa mafuta kidogo. Nilitaka kuifuta programu kabisa, sijaifuta. Ila yule kijana wa simu, kama unasoma hapa, keki ile ilikuwa ya mtoto wa mwaka mmoja.